Tanga limeanuliwa, jioni zimebaki: tuimbe nini?

Shikamoo Bibi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu kama alivyokuwa baba yangu. Tulimzika baba mwezi uliopita kijijini, na tanga lilipoanuliwa tukarudi nyumbani Morogoro. Nimeomba likizo nikae na mama kwa muda. Tupo watatu: mama, mimi na mdogo wangu wa kiume.

Mchana unapita, watu wanaingia na kutoka. Tatizo ni jioni. Tukishakula, mama anafungua Tenzi za Rohoni na kusema tuimbe. Mimi nikifika mstari wa pili koo linafunga kabisa. Mdogo wangu akiona hivyo anachomeka fleshi kwenye spika na kupiga nyimbo zilizopigwa msibani, mpaka ule wa parapanda uliokuwa unalia wakati jeneza linashushwa. Hapo ninainuka nakwenda kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa.

Baba alikuwa mtu wa kanisa, lakini alikuwa mtu wa dansi pia. Jumamosi akipiga pasi shati lake la ibada alikuwa akiimba Mbaraka Mwinshehe kuanzia kola mpaka mikono. Sasa usiku ninajifunika, naweka hedifoni, nasikiliza nyimbo zake hizo mpaka saa nane au tisa. Ninalia, halafu narudia tena. Juzi nilipiga mmoja jikoni kwa sauti ya chini, baba mdogo akanikuta. Akasema, "Arobaini haijafika, wewe unapiga dansi nyumbani kwa marehemu?" Mama alikuwapo, hakusema neno. Tangu hapo najiona mtoto asiye na adabu.

Jambo la mwisho. Kwenye simu yangu nina sauti ya baba mwenyewe akiimba huku anatengeneza kiti, kama dakika moja hivi. Sijaweza kuifungua tangu afariki. Dada yangu wa Mwanza anataka niirushe kwenye kundi la ukoo. Sijui nifanyeje. Na sijui ni nyimbo gani zinafaa kwa jioni kama hizi, maana kila wimbo unamuumiza mmoja wetu.

Binti wa Mwalimu, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe, mama na mdogo wako.

Niruhusu nianze na koo lako, kwa sababu nimefundisha sauti kwenye kwaya miaka mingi kabla ya kuingia kwenye kazi hii ya ushauri, na hilo la koo nalijua. Mtu anapotaka kulia, mwili hupanua njia ya hewa kooni ili avute pumzi nyingi. Kuimba kunataka kinyume chake: koo lijibane kwa kipimo, lishike sauti, liiachie polepole. Misuli inavutana, na lile donge unalolisikia ndiyo mvutano wenyewe. Huna upungufu wa imani, wala hujashindwa kumsindikiza mama. Koo lako linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Lipo pia jambo ambalo familia nyingi hazilioni. Msibani nyimbo huanzishwa juu, kwa sababu mko nje, watu ni wengi na sauti ya kwanza ndiyo inayoongoza. Mkirudi sebuleni watatu, mnaanzisha palepale juu bila kufikiri, kwa kuwa ndipo masikio yalipozoea. Koo lililochoka kwa kilio haliwezi kufika huko. Jaribuni hivi: mama asianze. Anza wewe au mdogo wako kwa kuguna tu, midomo imefungwa, kwa sauti ya chini kabisa mnayoiweza bila kukwaruza, halafu mpande kidogo tu. Hapo ndipo wimbo uanzie. Na msiimbe kwa mwendo wa kwaya yenye kinanda. Kila mstari uwe pumzi moja, mkimaliza mstari mnyamaze, mvute hewa bila haraka. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mwendo wa moyo. Ni mwili unavyofanya kazi, na hauulizi kama leo una imani nyingi au ndogo.

Sasa nyimbo. Umeniuliza zipi zinafaa, nami nitakutajia chache, lakini kwanza nikuonyeshe ninavyozichagua, maana orodha yangu haiijui nyumba yenu. Ninaposikia wimbo najiuliza ni nani anasema na nani. Nyimbo nyingi za mazishini zinasema na umati: jiandae, parapanda italia, leo ni yeye kesho ni wewe. Kazi yake ni kuwakusanya watu mia tatu waliosimama juani kando ya kaburi, na kazi hiyo zinaifanya vizuri. Lakini usiku, mkiwa watatu, hakuna umati wa kuonywa. Wimbo ule unawageukia nyinyi wenyewe na kuwahubiria, na aliyefiwa hana nguvu za kuhubiriwa. Zipo nyimbo nyingine ambazo mwimbaji ndiye anayesema. Anaomba, analalamika, anaeleza alipo. Hizo zinakupa maneno wakati huna ya kwako. Kwa jioni zenu mimi ningetafuta huko kwanza.

Mfano ninaourudia mara nyingi uko kwenye kitabu hichohicho cha mama: "Kaa nami". Maneno yake ya asili yaliandikwa mwaka 1847 na Henry Francis Lyte, mchungaji wa Uingereza aliyekuwa mgonjwa sana, na alifariki mwaka huohuo. Sauti tunayoiimba ilitungwa na William Henry Monk mwaka 1861. Nakwambia haya kwa sababu wimbo wenyewe unaonyesha umetoka kwa mtu mgonjwa wakati wa jioni. Haumwambii mtu asilie. Haudai kwamba mambo ni mazuri. Unaomba jambo moja tu, kutoachwa peke yako giza linapoingia, na unarudi kwenye ombi hilo tena na tena.

Utaratibu wa sauti zake nao una huruma. Kama wewe au mdogo wako mmewahi kuimba kwa nota, angalieni sauti ya kwanza: inaanzia kwenye mi, inashuka mpaka do, na haipandi kupita la. Upana wake ni wa sauti sita tu, zimekaa karibukaribu. Hakuna mahali panapodai kifua. Ndiyo maana mzee wa miaka themanini anaweza kuuimba kitandani. Siku ambayo donge limekuja, usijilazimishe kuimba beti nzima. Mwachie mama mistari, wewe uingie kwenye maneno yale mawili yanayorudi, "kaa nami", basi. Umeshiriki.

"Ni salama rohoni mwangu" ni habari nyingine, na hapa nitakuomba uwe mwangalifu, ingawa ni wimbo ninaoupenda. Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, aliuandika baada ya binti zake wanne kufa katika ajali ya meli mwaka 1873. Mkewe alinusurika, naye akapanda meli kumfuata. Inasemekana maneno yalimjia safarini. Watu wakiisikia hadithi hiyo husema, kama yeye aliweza, nasi tuweze. Lakini wimbo huo unatangaza amani. Mwenye amani akiutangaza anapata nguvu, asiye nayo anaona anadanganya mbele ya Mungu na mbele ya mama yake. Nimeona waombolezaji wakikwama palepale kwenye pambio. Halafu sauti yake inapanda zaidi ya ile ya kwanza, kwa hiyo donge linakungoja juu. Kama mama anautaka, pambio lake lina majibizano: mmoja anasema, wengine wanajibu. Mama atangaze, nyinyi mjibu kwa kuguna. Hakuna atakayelazimika kusema asichokiamini usiku huo.

"Yesu kwetu ni rafiki" iko katikati ya hizo mbili. Inakiri udhaifu na huzuni, na karibu kila mtu anaijua kwa kichwa, kwa hiyo mnaweza kuzima taa. Inasemekana Joseph Scriven aliandika maneno yake mwaka 1855, yeye akiwa Kanada, kumfariji mama yake aliyekuwa mbali Ayalandi. Mtoto akimwandikia mama. Labda hilo litakufaa kulikumbuka unapomtazama mama yako upande wa pili wa meza.

Tuje kwa mdogo wako na spika yake. Umeandika kwamba anachomeka fleshi anapoona wewe umeshindwa kuimba. Nimeusoma mstari huo mara mbili. Inawezekana kwamba hazipigi kwa kuwa anazipenda. Huenda anaona ukimya unakuja na anauogopa, na zile ndizo nyimbo pekee alizonazo mkononi. Wimbo wa parapanda kwako umeshaungana na kamba na udongo. Masikio hushika mahali yalipousikia wimbo, na hilo huchukua muda mrefu kulegea, pengine mwaka au zaidi. Kwake huenda umeungana na jambo tofauti kabisa, kama vile mamia ya watu waliokuja kumheshimu baba yake. Mwulize kabla ya kumkataza. Anaweza kukwambia jambo usilolijua. Au anaweza kusema tu, "Dada, sikujua," akauondoa kwenye fleshi.

Kuhusu fleshi yenyewe, hatari yake kubwa ni kwamba haina mwisho. Spika au simu ikiachwa hupiga kinachofuata, na kinachofuata hakuna aliyekichagua. Mmekaa vizuri na wimbo wa utulivu, ghafla kinaingia kinanda cha kasi au tangazo la sabuni. Chagueni nyimbo tatu, nne zikizidi sana, mziweke peke yake, zikiisha spika inyamaze. Nusu saa inatosha. Familia nyingi huimba mpaka wanachoka ili walale, na usingizi hauji kwa njia hiyo.

Sasa dansi, na baba mdogo.

Unajiona huna adabu. Sitakwambia unayo au huna, maana adabu ya msiba inapangwa na ukoo wenu na mimi siujui. Nina maswali tu. Baba mdogo alipoingia jikoni alisikia nini? Wewe ulikuwa unamsikia baba anapiga pasi. Yeye huenda alisikia kile ambacho majirani wangesikia kupitia dirishani: gitaa, ngoma, ukumbi, bia. Dansi kwa watu wa umri wake ni muziki wa kusimama na kucheza, na aliyefiwa hachezi kabla ya arobaini. Na ni ndugu wa baba yako. Kama baba alikuwa kijana wa Morogoro miaka ya sabini, kuna uwezekano mkubwa mdogo wake alikuwa anamfuata nyuma kwenye dansi hizohizo. Huenda ule wimbo ulimchoma kabla ya kumkasirisha. Simjui, ninakisia. Lakini ukimwendea na swali, "Baba mdogo, baba alikuwa anapenda wimbo gani mlipokuwa vijana?", utapata jibu tofauti na lile utakalopata ukienda kujitetea.

Halafu kuna kimya cha mama. Umekisoma kama lawama. Mimi sina hakika. Mjane mbele ya shemeji yake, tanga likiwa bichi, hana nafasi kubwa ya kusema. Aliolewa na mwanamume aliyeimba Mbaraka kila Jumamosi. Kabla ya kuamua kwamba amekukatalia, mwulize mkiwa wawili.

Zipo njia kama tatu hapa, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kungoja mpaka arobaini ipite, nyimbo za baba zikae kimya sebuleni. Utalinda amani ya ukoo, lakini jioni zako zitaendelea kuwa nusu, na zile saa za usiku na hedifoni zitazidi kuwa siri. Unaweza kupiga waziwazi kwa kuwa ni muziki wa marehemu mwenyewe. Hoja hiyo ina nguvu, ila mama ndiye atakayebaki kujibu maneno ya watu wewe ukirudi kazini. Au unaweza kutafuta katikati: mama akikubali, wimbo mmoja, sauti ya chini, milango imefungwa, mwisho wa jioni baada ya tenzi. Gharama ya njia hii ni kwamba baba mdogo akijua baadaye ataona mlimficha, kwa hiyo afadhali ajue mapema.

Mkichagua njia yoyote inayohusu kupiga, nitakupa ujanja mmoja wa fundi. Nyimbo nyingi za dansi zina sehemu mbili. Mwanzo ni wa kusimulia: mwimbaji anaeleza shida yake, gitaa linamjibu taratibu. Baadaye linaingia chemko, sauti zinaacha kusimulia na miguu inaitwa. Kinachofariji usiku wa msiba kiko kwenye sehemu ya kwanza, na kinachomuudhi baba mdogo kiko kwenye ya pili. Punguzeni sauti taratibu kabla ya chemko, mzime. Msikate ghafla katikati ya neno, kwani kukatika kwa sauti ghafla kunashtua aliyefiwa kuliko tunavyodhani.

Mbaraka mwenyewe, unajua, hakuufikia uzee. Aling'ara na Morogoro Jazz, mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na tarehe 12 Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa akiwa na miaka 34. Kizazi cha baba yako kilimlilia kwa kupiga nyimbo zake, kwa hiyo kumlilia mtu kwa dansi si jambo ulilolianzisha wewe jikoni. Hilo baba mdogo anaweza kulikumbuka kuliko mimi na wewe.

Wengine watakushauri "Kifo" ya Remmy Ongala. Ni wimbo mkubwa, na inavutia kwamba Remmy huyohuyo miaka yake ya mwisho aliacha dansi akaimba Injili mpaka alipofariki Desemba 2010. Mtu mmoja alibeba pande zote mbili ambazo nyumba yenu inazigombania. Hata hivyo, kwa jioni na mama mimi ningeuacha kwa sasa. Unamkabili kifo uso kwa uso na kumwambia hana huruma. Ni kweli hana. Lakini mjane wa mwezi mmoja analijua hilo vizuri, hahitaji spika imkumbushe. Peke yako mchana, ukiwa na hasira, ni jambo jingine. Hasira nayo inataka wimbo.

Saa nane za usiku zinanitia wasiwasi zaidi kuliko baba mdogo. Wimbo wa huzuni unasaidia kwa namna inayoonekana: unalia, kisha pumzi inatulia, mabega yanashuka, unakumbuka kitu cha baba, pengine unatabasamu, unalala. Wimbo uleule unaweza kugeuka. Unaurudia, machozi hayaleti nafuu, mawazo yanazunguka palepale: ningempeleka hospitali mapema, ningepiga simu Jumapili ile. Ukishafika hapo, kuurudia tena hakukupeleki kokote. Jipime kwa hilo. Kama mara ya pili hukutulia kuliko ya kwanza, vua hedifoni, washa taa, unywe maji. Wanaotumia muziki kama tiba wana desturi ya kuanza na wimbo unaofanana na hali ya mtu ilivyo, kisha kusogea hatua moja moja kuelekea utulivu. Hawaanzi na wimbo wa furaha, wala hawabaki kwenye wa huzuni usiku kucha. Ukipanga nyimbo tatu za baba, ya kwanza iwe nzito, ya tatu iwe ile inayokukumbusha pasi na kola. Na ukiona usingizi haurudi wiki baada ya wiki, chakula hakiendi, au wazo la kumfuata baba limepita kichwani hata mara moja, usingoje wimbo. Mwambie mtu wa karibu siku hiyohiyo, uende kituo cha afya.

Niseme pia neno moja kwa wasomaji wangu Waislamu, maana najua barua hii inawahusu kwa upande wake. Kwenu jioni za baada ya maziko zina kisomo na dua, na nyumba nyingi hazitaki ala kabisa, taarabu inangoja. Hapo faraja ya sauti iko kwenye msomaji. Chagueni anayesoma kwa utulivu, mmoja, asiyeshindana na kipaza sauti.

Turudi kwako. Nikiipanga jioni moja ya kwenu kwa kufikiri tu, ingekuwa hivi. Chakula kimekwisha, saa mbili hivi, vyombo vimeachwa kwanza. Mdogo wako anaguna, chini, mpaka mama anaitambua sauti na kuingia na maneno ya "Kaa nami". Beti mbili, si zote. Mnanyamaza. Ukimya wa dakika mbili au tatu utamtisha mdogo wako, basi mpe kazi: yeye ndiye atakayesema wimbo unaofuata ni upi, akitaka hata mmoja wa msibani, mradi si ule. Mama akianza kusimulia habari za baba katikati, acheni kuimba. Hadithi ikija nyimbo zimefanya kazi yake. Mwisho, kama mama ameridhia, mwanzo wa wimbo mmoja wa Jumamosi. Saa tatu kasoro vyombo vioshwe, safari hii kwa kweli. Kesho yake badilisheni. Wimbo mmoja ukipigwa kila usiku wa msiba utabaki kuwa wimbo wa msiba, na mkipenda kuuimba kwenye harusi ya mdogo wako mtashindwa.

Imebaki sauti ya baba kwenye simu. Kabla ya kuamua lolote, kabla hata ya kuisikiliza, itunze. Simu huanguka, huibwa, hujaa. Inakiliwe kwenye kompyuta na kwenye fleshi, mtu mwingine unayemwamini abaki na nakala, na kama huwezi kuigusa mwombe yeye aifanye kazi hiyo bila wewe kusikia. Ukiituma popote, itume kama faili, kwa sababu sauti zinazorushwa kwa njia ya kawaida ya mazungumzo mara nyingi hupunguzwa ubora.

Dada yako wa Mwanza hana kosa. Yuko mbali na anataka kumsikia baba yake. Lakini kundi la ukoo ni watu wengi. Kuna atakayeisikia akiwa ndani ya daladala bila kutarajia. Kuna atakayeibandika mahali na picha ya mshumaa. Na mama atasikia sauti ya mumewe ikitoka kwenye simu ya mtu mwingine kabla hajaulizwa. Unaweza kumtumia dada peke yake, kwa makubaliano kwamba inakaa kwake. Unaweza kungoja mpaka arobaini mtakapokuwa pamoja. Unaweza kumwuliza mama anasemaje, na ukubali kwamba anaweza kusema hataki kuisikia kabisa mwaka huu. Ukifikia kuifungua, ningependa isiwe usiku wa manane chini ya shuka. Ifungue mchana, mtu akiwa karibu, na ujue mapema kwamba huenda kitakachokuumiza si wimbo. Watu wengi waliofiwa wameniambia kinachowamaliza ni kikohozi kilicho kati ya mistari, au nyundo, au yeye akimwita mtu ampe msumari.

Arobaini ikikaribia ukoo utakaa kupanga, na mtu atauliza nani anasimamia nyimbo. Zungumzeni nyinyi watatu kabla ya kikao hicho, mkiwa na majina ya nyimbo mnazozitaka na ule mmoja msioutaka, na mama ndiye azitaje.